Milioni 7.5 kwa kila benki: ushauri wa kugawa akiba kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja. Nne kati ya hizo zilikuwa mbali na sisi: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe na Benki ya Wananchi Meru. Ya tano ilikuwa ya mkoani kwetu, Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, yenye makao Bukoba. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja kwa zote tano, kwamba mtaji wake ulikuwa pungufu mno kuliko sheria inavyotaka, na kuziacha ziendelee kungehatarisha usalama wa sekta nzima. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Kuanzia siku hiyo, mteja wa benki ile hakuwa tena na salio la kutoa dirishani. Alikuwa na madai kwa mfilisi. Kiwango cha juu cha fidia ya bima wakati huo kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa kila mwenye amana. Mkulima aliyekuwa na milioni 1 alilindwa yote. Aliyekuwa na milioni 6 alilindwa milioni 1.5, na zile milioni 4.5 zilizobaki zikaingia kwenye foleni ya ufilisi, wadaiwa wa benki wakisubiriwa walipe na mali za benki zikisubiriwa ziuzwe.

Tangu mwaka 2023 kiwango hicho kimepandishwa hadi shilingi milioni 7.5. Ni ongezeko kubwa, mara tano ya kile cha zamani, na kwa familia nyingi za Ngara na Biharamulo linatosha kufunika akiba yote. Lakini liko kundi ambalo kiwango hicho hakilitoshi, nalo si la matajiri peke yao: mnunuzi wa maharage na mahindi pale Nyakanazi, mwenye duka la jumla Rulenge, mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, familia iliyolipwa fidia ya shamba, chama cha msingi kinachopokea fedha za kahawa za wanachama wote kwa mkupuo. Kwa watu hawa ushauri wangu ni mmoja: fedha zinazozidi kiwango cha bima zisikae katika benki moja, na hata zile zisizozidi, sehemu yake ikae benki ya pili. Sababu ya nusu ya kwanza ni hesabu tu. Sababu ya nusu ya pili ni muda, na hiyo ndiyo husahaulika.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi huikosea mwanzoni kabisa. Bima inahesabu mtu ndani ya benki. Haihesabu akaunti, na haihesabu tawi. Ukiwa na akaunti ya akiba, akaunti ya hundi na akaunti ya muda maalumu katika benki ile ile, zote zinajumlishwa na kupewa kiwango kimoja cha milioni 7.5. Ukiwa na akaunti moja tawi la Ngara mjini na nyingine tawi la Biharamulo la benki hiyo hiyo, bado ni benki moja na kiwango ni kimoja. Wakala anayepokea fedha zako kwenye kibanda chake Kabanga au Lusahunga naye si benki nyingine. Ni mkono tu wa benki ambayo jina lake limebandikwa ukutani. Mgawanyo unaoleta kinga ni ule wa benki zenye leseni tofauti. Mke na mume wenye akaunti kila mmoja kwa jina lake ni watu wawili, kila mmoja na kiwango chake, ingawa sishauri fedha ziandikwe jina la mtu ili kukwepa kikomo tu, kwa kuwa mbele ya benki na mbele ya mahakama ya mirathi mwenye fedha ni yule aliyeandikwa. Duka lililosajiliwa kwa jina la biashara bila kuwa kampuni nalo usilihesabu kama mtu wa pili. Panga ukichukulia kwamba fedha za duka na za kwako mfukoni zitajumlishwa.

Kinga hii haiombwi wala hailipiwi na mteja. Benki yenyewe ndiyo inayotozwa mchango na Bodi kila mwaka, na ukifungua akaunti kwenye benki yenye leseni umeshaingia. Nalitaja hili kwa sababu moja tu: mtu akikupigia simu akisema utume kiasi fulani ili amana yako isajiliwe bima, huyo ni mwizi.

Sasa tuseme mnunuzi wa mazao wa Nyakahura ana shilingi milioni 18 baada ya msimu, zote katika benki moja. Benki ile ikifungwa leo, bima inamlipa milioni 7.5, na milioni 10.5 zinakuwa madai kwa mfilisi. Akizigawa katika benki tatu, milioni 6 kila moja, benki yoyote ikianguka analipwa zote. Kwa nini milioni 6 na si 7.5? Kwa sababu salio halikai pale ulipoliacha. Riba ya akaunti ya muda maalumu inaongezeka juu ya mtaji, mteja wako anakutumia malipo usiku bila kukuuliza, na wewe uliyegawa vizuri mwezi Julai unajikuta Septemba una milioni 9 mahali pamoja. Acha nafasi ya milioni 1 au 1.5 chini ya kikomo. Kama biashara yake inalazimisha akaunti moja ipokee malipo yote, basi hiyo iwe ya kupitishia fedha, na kila mwisho wa mwezi ziada ihamishwe. Fedha zikipita kikomo kwa siku mbili tatu wakati wa mauzo, si jambo la kukukosesha usingizi. Tatizo ni zikilala hapo miezi minane kwa sababu hakuna aliyekumbuka.

Jambo la mkopo nalo linahitaji kueleweka. Benki ikifungwa, deni lako halifungwi nayo. Mfilisi anarithi vitabu vyote, na kazi yake mojawapo ni kudai. Deni linakatwa kwenye amana yako kabla ya kulipwa, kwa hiyo mwenye milioni 5 za akiba na mkopo wa milioni 3 pale pale asipige hesabu ya kupokea milioni 5. Wako waliodhani kwamba benki iliyokufa imekufa na madeni yake. Wanaolipia fikra hiyo ni wenzao walioweka fedha, kwa maana kila mkopo unaocheleweshwa ni gawio la ufilisi linalocheleweshwa.

Nije kwenye muda. Watu wanapozungumzia benki kuanguka, huwa wanafikiria kupoteza. Lakini tukitazama yaliyotokea nchini, mara nyingi kilichowaumiza wenye amana kwanza ni kukwama. Agosti 2018 Benki Kuu iliichukua Benki M chini ya usimamizi wake kwa upungufu mkubwa wa ukwasi, na shughuli zikasimamishwa kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa. Mwaka uliofuata amana na mali zake zikahamishiwa Benki ya Azania. Mwisho wa yote wenye amana hawakuachwa mikono mitupu, na ukiuliza tu kama fedha zilipotea, jibu ni zuri. Lakini kwa miezi ile hawakuweza kutoa fedha kama kawaida. Kwa mwalimu anayetegemea mshahara hilo ni taabu. Kwa mfanyabiashara anayenunua maharage Biharamulo wakati bei iko chini ili auze bei ikipanda, kukwama miezi mitatu ni kukosa msimu mzima, na hakuna bima inayolipa msimu. Kiwango cha milioni 7.5 hakimsaidii hapo hata kama fedha zake zote ziko chini yake, kwa sababu malipo ya bima nayo yana taratibu: orodha za wateja zihakikiwe, tangazo litolewe, benki ya kulipia iteuliwe, watu waitwe na vitambulisho vyao.

Hii ndiyo sababu nasema mwenye milioni 4 naye anahitaji benki ya pili, ingawa bima inamfunika kabisa. Asizigawe nusu kwa nusu kwa kupenda usawa tu. Aangalie ni kiasi gani kinamwendesha miezi mitatu: ada za shule, chakula, mbolea, mtaji wa mzunguko mmoja wa biashara. Kiasi hicho kiwe katika benki isiyo ile inayobeba akiba kuu, kwenye akaunti ambayo kadi yake inafanya kazi na namba ya siri anaikumbuka. Kwa maoni yangu hatua hii moja ina faida kubwa kuliko kuhangaika na benki ya nne na ya tano.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba serikali haiwezi kuacha watu wapoteze, na kwamba benki kubwa haziwezi kuanguka. Lina ushahidi wake. Twiga Bancorp ilichukuliwa na Benki Kuu mwaka 2016 na baadaye ikaunganishwa na Benki ya Posta. Benki M, kama tulivyoona, ilihamishiwa Azania. Benki ya China Commercial ilipoingia matatani, ilikabidhiwa NMB. Njia ya kuhamisha amana ipo, na wasimamizi huipendelea pale inapowezekana. Lakini Benki ya Wananchi Mbinga ilifungwa Mei 2017 na kufilisiwa, zile tano za Januari 2018 zikafuata njia hiyo hiyo, ya Kagera ikiwamo. Na asidhani mtu kwamba ni udogo tu unaoua benki. FBME haikuwa benki ya kijamii ya wilayani. Leseni yake ilifutwa Mei 2017 baada ya mamlaka za Marekani kuituhumu kuhusika na utakatishaji fedha na kuikatia njia ya kufanya miamala ya dola. Mwenye amana wa kawaida hakuwa na namna ya kupima hatari ya aina hiyo. Nakubali kwamba benki kubwa zenye matawi nchi nzima zina uwezekano mdogo zaidi wa kufungwa ghafla, na kwamba mwenye fedha nyingi ana haki ya kuziegemea zaidi. Ninachokataa ni kugeuza uwezekano mdogo kuwa ahadi. Sheria haiahidi kwamba benki yako itauzwa badala ya kufilisiwa. Inaahidi milioni 7.5.

Haifuati kutoka hapo kwamba tukimbie benki ndogo na za ushirika. Hizo ndizo zinazomjua mkulima, na mara nyingine ndizo zinazomkopesha pale kubwa zinapotaka hati ambayo hana. Weka huko, lakini chini ya kikomo, na usome taarifa zake. Kila robo mwaka benki inatakiwa kutangaza hesabu zake. Omba nakala tawini, wala hakuna aibu kuiomba. Chini ya jedwali utakuta viashiria. Tazama uwiano wa mtaji na uwiano wa mikopo chechefu, kisha linganisha na robo iliyopita. Benki Kuu inapenda mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Benki iliyo juu ya hapo si lazima iwe mahututi, lakini mtaji unaoshuka robo baada ya robo huku mikopo chechefu ikipanda ni dalili inayotosha kukufanya upunguze salio. Hasara ya miaka miwili mfululizo nayo ni dalili. Mteja hatumiwi barua kabla ya tangazo la kufuta leseni. Dalili utakazozipata ni hizo, pamoja na ile ya mitaani: ukiomba milioni 3 dirishani ukaambiwa urudi kesho, na kesho ukaambiwa hivyo hivyo.

Pingamizi la pili ni gharama na umbali, nalo ni la haki zaidi. Wilaya zetu si Mwanza. Mtu wa kijijini Ngara anaweza kulazimika kupanda bodaboda na kisha gari hadi mjini ili afungue akaunti ya pili, na kila akaunti ina makato yake. Tupime. Tuseme akaunti ya pili inakukata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 24,000. Kama akaunti hiyo ina milioni 6, unalipa chini ya nusu ya asilimia moja ili fedha hizo zisihusike na mkasa wa benki ya kwanza. Hiyo ni bei nafuu. Kama ina laki 3, makato yale yale ni asilimia 8, na hapo kugawa ni kujikata mwenyewe. Kwa hiyo mwenye akiba ndogo, chini ya milioni 1, abaki na benki moja tu na asisumbuke. Kuhusu umbali, safari ndefu ni ile ya kufungua. Baada ya hapo simu na mawakala hufanya kazi kubwa. Uliza akaunti za akiba zisizo na makato ya mwezi, kwa kuwa zipo, na kwa akaunti ambayo huigusi mara kwa mara hiyo ndiyo inayofaa.

Wapo wanaohofia mkopo: benki inakopesha kwa kutazama mzunguko wa fedha, na ukigawa mzunguko unaonekana mdogo. Kweli. Dawa yake ni kuacha mauzo yote yapite benki ile unayotaka ikukopeshe, na kugawa akiba peke yake. Mzunguko ni fedha zinazopita. Akiba ni zinazolala, na ndizo zenye kuhitaji kinga.

Sehemu inayonitia wasiwasi zaidi ni vyama. Tuseme SACCOS yenye wanachama 200 ina milioni 30 katika akaunti moja ya benki. Kila mwanachama anadhani ana 150,000, kiasi kidogo sana kuliko kikomo cha bima, kwa hiyo yuko salama. Lakini mwenye amana mbele ya benki ni chama, jina moja. Benki ikifungwa, chama kinalipwa milioni 7.5, sawa na 37,500 kwa kila mwanachama, na zilizobaki zinasubiri ufilisi. Na SACCOS yenyewe si mwanachama wa Bodi ya Bima ya Amana. Ikifilisika yenyewe kwa ubadhirifu au mikopo mibovu, mwanachama hana milioni 7.5 za kudai kokote. Chama cha msingi cha kahawa kiko katika hali hiyo hiyo wakati wa malipo: fedha za wakulima mia kadhaa zinatua kwenye akaunti moja, na mpaka zitakapoingia kwenye akaunti za wakulima wenyewe, mwenye amana ni chama. Hoja za kupeleka kwenye mkutano mkuu, basi, ni mbili. Akiba ya chama igawanywe benki mbili au tatu kwa azimio linaloandikwa kwenye muhtasari, pamoja na majina ya watia saini wa kila akaunti. Na malipo ya wakulima yasilale kwenye akaunti ya chama hata siku moja zaidi ya inavyohitajika. Fedha zikishafika kwa wakulima, kila mmoja anakuwa na kiwango chake cha bima.

Kuna wanaopokea fedha nyingi mara moja. Wilayani Ngara, wakazi wanaopisha mradi wa nikeli wa Kabanga wamekuwa wakilipwa fidia kupitia benki, na fidia ya shamba na nyumba inaweza kupita kikomo mara kadhaa. Kwa milioni 20, benki tatu zinatosha. Kwa milioni 100, kufuata kikomo kikamilifu kungedai benki 14, jambo ambalo hakuna familia italisimamia. Akaunti 14 ni kadi 14 za kupotea na namba za siri 14 za kusahau. Hapo kugawa benki kumefika mwisho wake, na fedha za muda mrefu zihamie kwenye kitu kisichotegemea uhai wa benki moja. Hati fungani za serikali ni mojawapo. Unaweza kuanza na shilingi milioni 1, unazinunua kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, na mdaiwa wako anakuwa serikali, huku umiliki wako ukiandikwa kwenye daftari la Benki Kuu. Benki uliyoitumia kununua ikifungwa, hati bado ni yako. Ubaya wake ni kwamba fedha zinafungwa kwa miaka, na ukitaka kuuza mapema unaweza kupata bei ya chini. Kwa hiyo zile za ada na za kujenga nyumba mpya zibaki benki, chini ya kikomo, na za uzeeni ziende huko.

Mwisho ni makaratasi, ambayo ndiyo hukwamisha watu hata pale bima inapowalipa. Jina kwenye akaunti lifanane na la kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Namba ya simu iliyosajiliwa benki iwe ile unayotumia sasa. Akaunti ya pili uifanyie muamala japo mara mbili kwa mwaka isije ikalala. Na mtu mmoja nyumbani ajue una akaunti benki zipi, bila kujua namba za siri, maana akiba iliyogawanywa katika benki tatu ambazo mjane hazijui haimsaidii kitu. Basi chukua daftari, andika benki moja moja na jumla ya kila kilicho chako humo. Jumla yoyote inayopita milioni 7.5, ziada yake haina bima.